Shilingi 354,595 zilikwenda wapi?

Hatifungani ya Serikali imeiva, na Benki Kuu imerudisha shilingi 10,000,000 kamili. Mhasibu wa chama cha kuweka na kukopa anafungua daftari na kukuta hatifungani hiyo imeandikwa shilingi 10,354,595. Fedha yote imelipwa wala hakuna aliyeiba, ila 354,595 hazina pa kwenda isipokuwa kwenye hasara. Kosa lilifanyika mwaka mmoja na nusu nyuma, siku kuponi ya kwanza ilipoingia.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini hesabu zake ndizo zinazofanyika kweli. Hatifungani ilikuwa ya miaka miwili, yenye riba ya asilimia 12 kwa mwaka, inayolipwa kila baada ya miezi sita. Kwa hiyo kila kuponi ni shilingi 600,000. Wakati chama kinanunua, riba sokoni ilikuwa imeshuka hadi asilimia 10. Nani atakuuzia asilimia 12 kwa bei ya asilimia 10? Mnunuzi hulazimika kuongeza kitu juu. Chama kililipa 103.546 kwa kila 100 ya thamani iliyoandikwa kwenye hatifungani, na hiyo nyongeza ya 354,595 ndiyo wahasibu huiita ziada.

Siku ya kununua, kazi ni nyepesi:

Debiti: Uwekezaji katika hatifungani 10,354,595
Krediti: Benki 10,354,595

Ugumu unaanza miezi sita baadaye. Benki imepokea 600,000, na mkono unawasha kuziandika zote kuwa mapato. Lakini chama kilikubali kupata asilimia 10 kwa mwaka, yaani asilimia 5 kwa nusu mwaka, juu ya fedha iliyotoa. Asilimia 5 ya 10,354,595 ni 517,730. Hayo ndiyo mapato ya riba. Shilingi 82,270 zinazobaki ni sehemu ya ziada ambayo chama chenyewe kilitanguliza, nayo sasa inarudi nyumbani:

Debiti: Benki 600,000
Krediti: Mapato ya riba 517,730
Krediti: Uwekezaji katika hatifungani 82,270

Hatifungani sasa inasomeka 10,272,325. Kuponi ya pili inapoingia, asilimia 5 inapigwa juu ya kiasi hicho kipya, na mapato yanakuwa 513,616. Ziada inamegwa 86,384. Kuponi ya tatu inaleta mapato ya 509,297 na kumega 90,703. Ya nne, 504,762 na 95,238. Mapato yanapungua kidogo kila mara kwa sababu mtaji uliobaki ndani unapungua, na siku ya kuiva daftari linasoma 10,000,000 bila senti ya ziada. Fedha ya Benki Kuu inapoingia, unadebiti benki, unakrediti uwekezaji, akaunti inafungwa.

Wako wanaogawa ziada sawasawa, 88,649 kila nusu mwaka. Kwa kiasi kidogo tofauti haionekani, lakini Kiwango cha Kimataifa cha Taarifa za Fedha namba 9, kilichoanza kutumika 1 Januari 2018, kinataka njia ile ya kwanza. Kiwango hicho pia kiliondoa jina la zamani la "uwekezaji wa kushikiliwa hadi kuiva". Sasa kinachoangaliwa ni kama lengo la chama ni kukusanya kuponi na mtaji, na kama malipo ya hatifungani ni mtaji na riba tu. Hatifungani ya kawaida ya Serikali, kwa chama kisichokusudia kuichuuza, hupita.

Yule mhasibu wetu aliandika 600,000 zote kila mara. Katika miaka miwili alitangaza mapato ya 2,400,000 wakati ya kweli yalikuwa 2,045,405. Ubaya wake ni kwamba huenda wanachama waligawana gawio kutoka kwenye mtaji wao wenyewe, na aliyejiunga mwaka wa mwisho akabebeshwa hasara ya walioondoka.

Jambo moja zaidi huwachanganya wengi. Ukinunua katikati ya tarehe mbili za kuponi, muuzaji hudai riba iliyokwishajilimbikiza tangu kuponi iliyopita. Hiyo haihesabiwi ndani ya ziada. Iandike peke yake kama riba utakayopokea, na kuponi ya kwanza ikiingia, ifute. Vilevile mwaka wa hesabu ukifungwa kabla ya tarehe ya kuponi, mapato ya miezi iliyopita na ziada iliyomegwa ndani yake yaandikwe, hata kama benki bado haijapokea kitu.

Kama wewe ni mjumbe wa bodi, usiulize kwanza kuponi ni asilimia ngapi. Omba jedwali la hatifungani, kisha angalia kama thamani yake imepungua tangu kuponi iliyopita. Ikiwa ilinunuliwa kwa ziada na bado inasoma bei ya siku ya kununua, mapato mliyosomewa mkutanoni yamezidi.