Kumrudisha Mteja Januari: Barua Pepe ya Fundi wa Jericho (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi ya kumtambua mteja aliyepotea. Leo tumwandikie.

Tuchukue fundi wa sare za shule katika soko la Jericho, Nairobi, mwenye anwani 400 za wazazi ambao hawajarudi kwa zaidi ya mwaka. Desturi ni kuwatumia salamu za mwaka mpya na punguzo la bei. Lakini mzazi aliyekabwa na Njaanuari anawaza karo, na punguzo bado linamtaka atoe pesa.

Mwaka 2014 watafiti Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walionyesha kwamba watu hushughulikia malengo yao zaidi tarehe inapofungua kipindi kipya. Kwa mzazi huyu, naona kipindi hicho huanza siku ya kufungua shule, wala si Januari 1. Kwa hiyo barua itoke siku kumi hivi kabla ya shule kufunguliwa, ikiwa na kichwa hiki: “Sare ya mwaka jana bado inamtosha?”

“Mzazi mpendwa, mara ya mwisho tulimshonea mwanao sketi Januari mwaka jana. Kabla hujanunua nyingine, ilete tuitazame. Tuliacha pindo la kuteremsha. Tupo kibanda kile kile. Jibu utuambie utakuja siku gani. Kama hutaki barua zetu, jibu ONDOA nasi hatutakuandikia tena.”

Kazi ya kuteremsha pindo ni ndogo na bei yake pia, na ndiyo inayomrudisha mzazi kibandani, ambako fundi atampima mtoto upya. Ila kitambaa kilichopauka kwa jua huacha ukanda uliokoza rangi pale pindo lilipokuwa. Fundi amweleze mzazi hilo kabla ya kufumua uzi. Na kama hakuacha pindo, sentensi hiyo aifute, maana mteja atalibaini hilo akiigeuza sketi tu.

Neno ONDOA lina uzito, lakini halichukui nafasi ya ridhaa. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inataka ridhaa ya mtu kabla taarifa zake hazijatumiwa kibiashara. Mzazi aliyenunua sare tu hajaruhusu anwani yake itumiwe kwa matangazo. Google nayo inawataka watumaji waweke malalamiko ya barua taka chini ya asilimia 0.1, wasifikie 0.3. Kwa barua 400 zilizofika siku moja, mzazi mmoja akilalamika ni asilimia 0.25, wawili, 0.5. Malalamiko yakifika hapo, hata barua za oda kwa wateja wa sasa zinaweza kuanza kuangukia kwenye taka.

Kwa hiyo aanze na walionunua karibuni zaidi kati yao, 50 kwa siku, akiangalia zinazorudi kwa sababu anwani imekufa. Zikirudi nyingi, asimame aisafishe orodha kwanza. Wasiojibu awaandikie mara moja tu zaidi, wiki shule zinapofunguliwa, kisha awafute.