Jina la faili la video: nani hulisoma?

Kwenye makundi ya WhatsApp ya watengeneza video kuna ushauri usioisha kuzunguka. Kabla hujapakia video, unaambiwa, badilisha jina la faili, tia maneno ambayo watu watayatafuta. Kisha libofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia Properties, halafu Details, ujaze Title, Tags na Comments. Wapo wanaoifanya kazi hii kwa malipo. Je, kuna anayeyasoma hayo yote video ikishaondoka mikononi mwako?

Tuchukue video moja. Mpishi wa Unguja amejirekodi kwa simu akipika urojo. Simu imeipa video jina lake la kawaida, VID_20250308_161204.mp4, yaani imerekodiwa tarehe 8 Machi 2025, saa kumi na dakika 12 jioni. Mpishi anaibatiza upya urojo-wa-zanzibar.mp4, anajaza vile visanduku kama alivyoambiwa, kisha anaipakia YouTube.

Kwa upande wa jina, jambo la kwanza ataliona mwenyewe: YouTube hulichukua jina la faili na kuliweka kwenye nafasi ya kichwa cha video. Asipoligusa, ndilo litakalokuwa kichwa, na kichwa hakika kinasomwa. Ushahidi uko wazi kwa yeyote. Takriban mwaka 2009 hadi 2012 simu za iPhone zilikuwa na kitufe cha kutuma video moja kwa moja YouTube, na watu wengi walikibonyeza bila kuandika kichwa chochote. Hadi leo ukitafuta YouTube neno IMG_ likifuatwa na tarakimu nne, tuseme IMG_0416, zinakuja video za sherehe za kuzaliwa, za paka, za mvua dirishani, nyingi zikiwa zimetazamwa na watu wachache tu. Zinapatikana kwa jina la faili tu, kwa kuwa hazina maneno mengine.

Lakini zinapatikana kwa sababu jina limegeuka kichwa. Mpishi wetu akishaandika “Namna ya kupika urojo wa Zanzibar”, lile la faili linarudi nyuma ya pazia. Yeye ataliona kwenye YouTube Studio, chini ya kiungo cha video, palipoandikwa Filename. Mtazamaji halioni popote, na hata waandishi wa programu wanaochota taarifa za YouTube kwa njia rasmi hawapewi jina hilo isipokuwa kwa idhini ya mwenye video.

YouTube yenyewe huwaambia wenye chaneli kwamba kinachosaidia zaidi video ipatikane ni kichwa, picha ya jalada na maelezo. Zile lebo za kujaza ndani ya YouTube inasema zina mchango mdogo sana, labda pale ambapo jina la kitu hukosewa mara kwa mara tahajia yake. Ikiwa lebo zilizoandikwa mbele ya macho yake zina uzito huo, sembuse zile zilizozikwa ndani ya faili. Ndiyo maana huwa nasikitika nikiona mtu amefuta video ya zamani na kuipakia tena kisa jina la faili lilikuwa baya. YouTube hairuhusu kubadilisha faili chini ya anwani ileile, kwa hiyo anapoteza watazamaji waliokwisha hesabiwa, maoni yote na viungo vilivyosambazwa, wakati angeweza kuhariri kichwa kwa nusu dakika.

Sasa vile visanduku vya Details. Faili la MP4 ni kama kasha lenye vyumba: kimoja kina picha, kingine sauti, na pembeni kuna kijichumba cha maandishi. Maandishi ya mpishi yameingia humo kweli, na ukitaka kuyaona tumia programu ya bure iitwayo ffprobe:

```
ffprobe -hide_banner urojo-wa-zanzibar.mp4
```

Itakuonyesha title, comment, creation_time na mengineyo. Tatizo ni kwamba YouTube haimpi mtazamaji faili hilo. Huitengeneza video upya katika ukubwa mbalimbali, na hizo nakala mpya ndizo zinazotazamwa. Pakua video yako mwenyewe kutoka Studio, uipitishe kwenye ffprobe ileile: kichwa ulichojaza hakipo, na badala yake utakuta maneno kama “ISO Media file produced by Google Inc.”

Mbishi atasema: huenda waliyasoma mlangoni kabla ya kuyatupa. Hoja hiyo ni ya haki, na ina jaribio lake. Buni neno lisilokuwepo duniani, mathalani “zurubambike”, uliandike kwenye Comments za faili tu. Pakia video, iache wazi kwa umma, na baada ya wiki moja litafute neno hilo. Kisha pakia video ya pili ambayo neno jingine la kubuni limeandikwa kwenye maelezo ya YouTube. Bila hiyo ya pili jaribio halina maana, maana hutajua kama tatizo ni faili au ni chaneli yako ndogo ambayo haijaorodheshwa.

Hata hivyo si kweli kwamba YouTube halifungui kasha. Hulifungua, ila hutafuta taarifa za kiufundi. Video ya nyuzi 360 hutambuliwa kwa alama iliyomo ndani ya faili. Programu ya kuhariri isiyoijua alama hiyo huidondosha, na utajua imedondoka ukiona video inatokea bapa, mistari imepinda, wala huwezi kuizungusha kwa kidole. Rangi za HDR nazo hutambuliwa hivyohivyo. Tangu mwaka 2024 imeongezeka alama ya C2PA, ambayo kamera huitia ndani ya faili kuthibitisha asili yake, na YouTube huweza kuitumia kumwonyesha mtazamaji kuwa video ilinaswa kwa kamera. Hakuna hata moja kati ya hizi inayojazwa kwa kuandika Tags.

Kama mpishi ana tovuti yake na ameweka faili huko mwenyewe, hesabu inabadilika kidogo. Hapo jina la faili ni sehemu ya anwani, kwa hiyo urojo-wa-zanzibar.mp4 ni bora kuliko tarakimu tupu. Kwa picha, Google imesema jina la faili humpa dokezo jepesi tu. Kwa video inategemea zaidi maneno ya ukurasa na taarifa za VideoObject: name, thumbnailUrl, uploadDate. Tena inataka anwani isiyobadilikabadilika, kwa hiyo chagua jina siku ya kwanza na uliache.

Lakini tovuti yako, tofauti na YouTube, mara nyingi hutoa faili jinsi lilivyo, pamoja na kijichumba chake. Simu ikiwa imeruhusiwa kurekodi mahali, ffprobe itaonyesha mstari kama location: -06.1622+039.1875/. Tarakimu nne baada ya nukta zinatosha kumfikisha mtu umbali wa mita kumi hivi, na kama video ilirekodiwa nyumbani, hapo ni jikoni kwa mpishi. Mstari huo hauongezi nafasi kwenye utafutaji, ila yeyote anayepakua faili anaweza kuusoma. Kuuondoa ni amri moja:

```
ffmpeg -i urojo-wa-zanzibar.mp4 -map_metadata -1 -c copy safi.mp4
```

Picha na sauti hazitengenezwi upya, kwa hiyo ubora haupungui. Nakala ya awali iweke kwenye kompyuta yako ikiwa na Title na Tags zake. Windows huweza kuzisoma unapotafuta faili, na mwenye video mia tatu za mapishi atafurahi kuandika “urojo” akaletewa zile anazozitaka.