Uber ina wafanyakazi wangapi?

Katika ripoti yake ya mwaka kwa mamlaka ya soko la hisa la Marekani, Uber ilitaja wafanyakazi wapatao 30,400 mwishoni mwa 2023. Ukurasa wake wa LinkedIn huonyesha watu wengi kuliko hao. LinkedIn huhesabu kila mwanachama aliyejaza mwenyewe kwamba yuko Uber, bila kupitia orodha ya mishahara. Dereva akijiandika hivyo, anahesabiwa. Ripotini hayumo, maana kampuni humchukulia kuwa mkandarasi huru. Aliyeacha kazi bila kurekebisha wasifu wake naye hubaki. Walmart ni kinyume: ripoti hutaja takriban milioni 2.1, lakini wahudumu wengi wa madukani hawana wasifu. Ukilinganisha, tazama kwanza tarehe ya ripoti.