Modeli Moja, Bolti Sita

Fundi wa magari hahitaji rula kuijua bolti. Spana namba 13 ikikaa sawasawa kichwani, mara nyingi ameshika M8, yaani bolti yenye mwili wa kipenyo cha milimita 8. Namba 10 ni ya M6, na namba 24 ni ya M16. Akihamia kwenye gari la Kijapani mambo yanabadilika: M8 nyingi humo hufunguliwa kwa namba 12, na M10 kwa namba 14. Mwili ni uleule na kichwa ni kingine, kwa sababu kila kiwango kimejipangia vipimo vyake.

Jambo hilo analolijua fundi kwa mkono ndilo linalomsumbua mchoraji wa mashine mbele ya kompyuta. Anahitaji bolti za saizi sita kwa ajili ya mashine moja. Njia inayomjia kwanza ni kuchora faili sita. Siku atakapogundua kwamba ukingo wa kichwa aliuchora vibaya, atalazimika kuusahihisha mara sita, na hakuna wa kumhakikishia kwamba hakusahau faili moja. Njia ya pili ni kuchora M20 moja kisha kuipunguza kwa uwiano. Hii inaonekana ya busara mpaka vipimo vikaguliwe. Katika kiwango cha kimataifa cha bolti za kichwa cha pembe sita, ISO 4014, kichwa cha M20 kina upana wa milimita 30 kutoka bapa hadi bapa, yaani mara moja na nusu ya kipenyo. Kwa uwiano huo M8 ingepata kichwa cha milimita 12, wakati kiwango kinataka 13. M10 ingepata 15 badala ya 16, na M6 ingepata 9 badala ya 10. Bolti zote tatu zingekuwa na vichwa ambavyo spana za kiwango hicho hazivikamati.

Kwa hiyo mchoraji anachora modeli moja tu, na vipimo vyake vinatoka kwenye jedwali. Kila mstari wa jedwali ni saizi moja, na kila safu wima ni kipimo kimoja. Akichagua mstari wa M12, modeli inajijenga upya kuwa M12. Kazi hii inawezekana katika programu nyingi za usanifu. Inventor huiita `iPart`, Creo ina `Family Table`, na FreeCAD, ambayo haiuzwi, ilipata `Configuration table` katika toleo la 0.20 la mwaka 2022. Hapa tufuate SolidWorks, ambayo jedwali lake ni la Excel, kwa kuwa watu wengi wameshawahi kulishika jedwali la aina hiyo.

Kazi inaanza kwenye modeli kabla jedwali halijafunguliwa. Mchoraji anachora duara la mwili na kuliinua liwe mcheduara, kisha anachora umbo la pembe sita na kuliinua liwe kichwa. Kila kipimo kinachochorwa, kompyuta inakipa jina lake yenyewe, kama `D1@Sketch1`. Majina hayo yaachwe hapohapo. Kipenyo kiitwe `d`, urefu uitwe `L`, upana wa kichwa `s` na kimo cha kichwa `k`, herufi zilezile zinazotumika kwenye vitabu vya viwango. Ubadilishaji huu ufanyike mapema, kwa sababu jedwali linakitambua kipimo kwa jina lake. Jina likibadilishwa baada ya jedwali kujazwa, safu nzima inapoteza kitu cha kukiongoza.

Kwenye kichwa cha pembe sita kuna mahali pa kuwa macho. Umbo hilo linaweza kupimwa kutoka bapa hadi bapa, ambako spana hukamata, au kutoka pembe hadi pembe, ambako ni kupana zaidi. Kompyuta inakubali kipimo chochote kati ya hivyo viwili bila kuuliza. Tuseme mchoraji ameweka kipimo kwenye duara linalogusa pembe, kisha jedwali likaleta 24 ya M16. Atapata kichwa ambacho bapa zake zimeachana kwa milimita 20.78 tu. Kwenye skrini kinapendeza, na macho hayawezi kugundua kitu. Spana namba 24 ikiwekwa hapo itazunguka bure. Kipimo `s` kikae kwenye duara la ndani, lile linalogusa bapa.

Sasa jedwali. Linafunguliwa kwa menyu ya `Insert`, kisha `Tables`, kisha `Design Table` (matoleo ya karibuni yanaandika `Excel Design Table`). Mstari wa pili una majina ya vipimo, na saizi zinaanzia mstari wa tatu. Kwa bolti zetu sita linasomeka hivi:

```
         d@Duara L@Mwili s@Sita k@Kichwa P@Ncha
M6x40    6       40      10     4        1
M8x50    8       50      13     5.3      1.25
M10x60   10      60      16     6.4      1.5
M12x70   12      70      18     7.5      1.75
M16x80   16      80      24     10       2
M20x100  20      100     30     12.5     2.5
```

Safu ya mwisho, `P`, ni hatua ya nyuzi: umbali kutoka uzi mmoja hadi unaofuata. Kompyuta ikilisoma jedwali hili inaunda saizi sita ndani ya faili moja, kila moja na jina lake.

Swali linalotenganisha jedwali zuri na jedwali la matatizo ni hili: kipi kiandikwe kwa mkono, na kipi kikokotolewe? Upana wa kichwa hauna hesabu ya kuupata, kama tulivyoona, kwa hiyo lazima uandikwe kutoka kwenye kiwango. Kimo cha kichwa na hatua ya nyuzi ni hivyohivyo. Lakini urefu wa sehemu yenye nyuzi una kanuni. Kwa bolti isiyozidi milimita 125, ni kipenyo mara mbili, ongeza 6. Kuanzia hapo hadi milimita 200, ni kipenyo mara mbili, ongeza 12. Kuuandika kwa mkono ni kujitafutia makosa sita ya bure. Inaongezwa safu ya `b`, na katika seli yake ya mstari wa tatu inaandikwa fomula ya kawaida ya Excel:

```
=IF(C3<=125,2*B3+6,2*B3+12)
```

M16 ya urefu wa milimita 80 inapata nyuzi za milimita 38, na zilizobaki 42 ni mwili laini. Ndivyo kiwango kinavyotaka. Fomula inaburutwa chini, mistari yote inajaa.

Wiki inayofuata mtu mwingine ofisini anaongeza mstari wa M16x30. Fomula inampa nyuzi za milimita 38 kwenye mwili wa milimita 30, na nyuzi zinapita shingo na kuingia kichwani. Fomula haina kosa lolote, ila imepelekwa mahali pasipo pake. Katika ISO 4014 bolti za M16 huanzia milimita 65. Fupi kuliko hizo ziko kwenye kiwango kingine, ISO 4017, ambacho bolti zake zina nyuzi karibu mwili mzima. Anayetaka jedwali moja libebe aina zote mbili anaizungushia fomula ile `MIN`, ili nyuzi zisizidi urefu wa mwili:

```
=MIN(C3,IF(C3<=125,2*B3+6,2*B3+12))
```

Mtego mwingine uko nchani. Ncha ya bolti hukatwa mshazari ili iingie kwenye nati kwa urahisi. Mchoraji aliyeanza na M20 anaukata ukingo kwa milimita 2.5, anaridhika, anaendelea. Kipimo hicho hakikuingizwa kwenye jedwali, kwa hiyo kinabaki 2.5 kwa kila saizi. Kwenye M6 kinaacha ncha ya milimita 1 tu, kama penseli iliyochongwa. Mtu akiongeza M5, ambayo nusu kipenyo chake ni 2.5 hasa, ncha inaisha kabisa, na modeli inaweza kugoma kujijenga. Dawa yake ni kuufungamanisha mkato na hatua ya nyuzi. Kina cha uzi wa milimita ni takriban 0.61 ya hatua, kwa hiyo M20 inapata mkato wa karibu 1.5 na M6 inapata 0.6. Ndiyo sababu `P` ilipewa nafasi kwenye jedwali hata kama nyuzi zenyewe hazichorwi.

Na kwa kweli nyuzi zisichorwe, isipokuwa pale zinapohitajika. Uzi halisi unaozunguka mwili mzima hulifanya faili kuwa zito, na mashine yenye bolti mia mbili itaifanya kompyuta isuesue. Alama ya nyuzi juu ya mwili laini inatosha kwa michoro ya kiwandani. Kwa yule anayetaka kuchapa bolti ya plastiki kwa printa, nyuzi halisi zinaweza kuwekwa kwenye modeli na kuzimwa kwa safu ya `$STATE@`: herufi `S` inazima, `U` inawasha.

Jedwali likishajaa, lisiaminiwe kwa kutazamwa tu. Ifunguliwe saizi ndogo kuliko zote, kisha kubwa kuliko zote, kisha zilizobaki moja baada ya nyingine, huku mchoraji akiangalia kama orodha ya hatua za modeli imetoa alama yoyote ya kosa. Halafu apime bapa hadi bapa kwa zana ya kupimia ya programu yenyewe. Ukaguzi wa tatu ni uzito, nao hukamata makosa ambayo macho huyapita. Kwa chuma cha kawaida, modeli ya M6x40 isiyokatwa nyuzi ina takriban gramu 12, M12x70 takriban 79, M16x80 takriban 165, na M20x100 takriban 323. Bolti halisi ni nyepesi kidogo kwa sababu nyuzi zimetoa chuma. M12 ikionyesha uzito unaokaribia ule wa M16, basi kuna namba iliyoandikwa kwenye seli isiyo yake.

Kuna kosa moja ambalo ukaguzi huo wote hauligundui, nalo ni kuchanganya viwango. Kiwango cha zamani cha Ujerumani, DIN 931, kinaipa M10 kichwa cha 17 na M12 kichwa cha 19. ISO 4014 inazipa 16 na 18. Bolti za aina zote mbili bado zinapatikana madukani. Jedwali linaloazima mstari mmoja huku na mwingine kule litajenga modeli safi isiyo na alama hata moja ya kosa. Tatizo litaonekana mtu atakapochimba shimo la kuzamisha kichwa cha 16, kisha mnunuzi akaleta bolti ya 17. Kwa hiyo jina la kiwango liandikwe ndani ya jedwali, kwenye safu yenye kichwa `$COMMENT`, mstari kwa mstari.

Majina ya saizi nayo yakishatumika kwenye mashine yasiguswe. Mashine inaikumbuka bolti yake kwa jina la mstari. Mtu akigeuza `M16x80` kuwa `M16-80` ndani ya Excel kwa ajili ya unadhifu, programu inauona mstari huo kama saizi mpya, na michoro iliyotegemea jina la awali inabaki bila mwenyewe.

Msomaji atakayelijenga jedwali hili huenda baadaye akataka kuongeza M14. Kwa ISO kichwa chake ni 21, kwa DIN 931 ni 22. Aangalie kwanza ni kiwango gani kimeandikwa kwenye mistari iliyotangulia, ndipo ajaze seli.