Kinga ya bei ya kahawa: kwa nini ada yake hupanda na kushuka

Chama cha ushirika kikishawalipa wakulima malipo ya awali, hatari ya bei kushuka inabaki kwa chama chenyewe. Kahawa iko ghalani, mnunuzi hajapatikana, na bei ya arabika, iwe ya Moshi au ya Nyeri, inafuata soko la New York. Soko likiporomoka kabla ya mnada, chama kinaweza kuuza kwa bei ya chini kuliko ile kilichowalipa wakulima.

Kinga mojawapo dhidi ya hasara hiyo ni opsheni ya kuuza. Mwenye opsheni hii analipa ada leo, na kwa ada hiyo anapata haki ya kuuza kwa bei waliyokubaliana hadi siku fulani. Ni haki, wala si wajibu: bei ya soko ikipanda, anaiacha opsheni ife na kuuza kahawa yake kwa bei nzuri, akiwa amepoteza ada tu. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, kilinunua kinga za namna hii mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa mradi wa Benki ya Dunia.

Swali gumu ni ada. Kwa nini leo ni senti 14 na mwezi ujao ni senti 7, wakati bei ya kahawa haijasogea? Tufuate mfano mmoja hadi mwisho. New York huuza arabika kwa senti za Marekani kwa ratili, na mkataba mmoja una ratili 37,500, yaani tani 17 hivi. Tuseme bei ya leo ni senti 200, opsheni ina siku 90, na soko linatarajia bei iyumbe kwa asilimia 35 kwa mwaka. Ada zifuatazo nimezikokotoa kwa kanuni aliyoitoa Fischer Black mwaka 1976 kwa mikataba ya aina hii, riba ikiwekwa kando ili hesabu iwe nyepesi.

Tuanze na bei ya makubaliano. Haki ya kuuza kwa senti 200, sawa na bei ya leo, inagharimu senti 14 kwa ratili, au dola 5,250 kwa mkataba mzima. Haki ya kuuza kwa senti 180 inagharimu senti 5.6 tu, kwa sababu chama kimekubali kubeba chenyewe senti 20 za kwanza za hasara. Haki ya kuuza kwa senti 220 inafika karibu senti 27. Katika hizo 27, senti 20 ni thamani iliyopo tayari, kwani unaweza kuuza kwa 220 kitu ambacho soko linakipa 200. Zile saba zilizobaki ndizo bei ya yale yanayoweza kutokea katika siku 90. Opsheni ya senti 200 haina thamani iliyopo tayari hata kidogo; senti zake zote 14 zinalipia yasiyojulikana.

Ndiyo maana muda una uzito. Bei ikibaki senti 200 huku siku zikiyoyoma, opsheni ya 200 inapungua thamani, lakini haipungui kwa mwendo ulio sawa. Bei huyumba kwa kipimo cha kipeuo cha pili cha muda, hivyo ada inafikia nusu yake, senti 7, pale tu muda unapobaki robo, yaani siku 23 hivi. Siku 67 za kwanza zimekula senti 7, na siku 23 za mwisho zitakula senti 7 nyingine. Opsheni ya senti 180 inaumia zaidi. Kwa siku hizo 23 zilizobaki inashuka kutoka senti 5.6 hadi chini ya senti moja, maana anguko la senti 20 ndani ya wiki tatu si jambo la kawaida.

Kuyumba kwa bei nako kunaigusa ada moja kwa moja. Mwenye haki bila wajibu hanyang'anywi kitu bei ikienda upande usiompendeza, lakini ananufaika kikamilifu ikienda upande wake. Kwa hiyo kadiri bei inavyotarajiwa kurukaruka, ndivyo haki hiyo inavyopanda thamani. Mtarajio ukipanda kutoka asilimia 35 hadi 70, opsheni ya 200 inapanda kutoka senti 14 hadi 28, na ile ya 180 inazidi mara tatu, kutoka 5.6 hadi zaidi ya 17. Opsheni iliyo mbali na bei ya soko inaishi kwa matumaini ya mruko mkubwa, kwa hiyo ndiyo inayosisimka zaidi.

Julai 2021 baridi kali iliunguza mibuni ya Minas Gerais, Brazili, na ndani ya siku chache bei ya New York ikavuka senti 200. Chama kinachotaka kuifunga bei nzuri wakati kama huo hukuta kinga ya kushuka kwa bei nayo imepanda, ingawa bei ya kahawa imekwenda juu. Sababu ni kwamba soko halijui tena kesho litakuwa wapi. Kinga hupatikana kwa unafuu soko likiwa limetulia.

Sasa tuje kwenye delta. Delta inaeleza opsheni itabadilika kwa kiasi gani bei ya kahawa ikisogea senti moja. Opsheni yetu ya senti 200 ina delta ya karibu 0.47, na kwa kuwa ni ya kuuza, huandikwa na alama ya kutoa. Kahawa ikishuka senti moja, opsheni inapanda karibu nusu senti. Kwa lugha ya ghala, mkataba wa tani 17 leo unakinga mwendo wa bei wa tani 8 tu. Opsheni ya 180, yenye delta ya 0.25, inakinga tani 4 hivi. Meneja anayeona tani 17 kwenye karatasi na kudhani mzigo wote umekingwa atashangaa bei ikianza kuteleza.

Delta hubadilika njiani. Bei ikishuka ghafla hadi senti 180, delta ya opsheni ya 200 inapanda hadi 0.70, na thamani yake inatoka senti 14 hadi 25.6. Kahawa imepoteza senti 20, opsheni imerudisha 11.6. Siku ya mwisho delta huwa moja au sifuri: opsheni inalipa kila senti iliyo chini ya bei ya makubaliano, au hailipi chochote.

Wapo wanaoisoma delta kama uwezekano wa opsheni kulipa. Inakaribia, lakini si hiyo hasa. Kwa kanuni ileile, opsheni yetu ya 200 ina uwezekano wa asilimia 53 wa kulipa, ilhali delta yake ni 0.47.

Kinga hii ina mipaka. Haizuii tofauti kati ya bei ya New York na ile ya mnada wa nyumbani, wala kuyumba kwa shilingi. Na chama kinapopewa ada iliyo rahisi, kiulize mambo manne kabla ya kutia saini: bei ya makubaliano iko umbali gani na soko, siku zimebaki ngapi, soko linatarajia bei iyumbe kiasi gani, na delta ni ngapi. Hesabu ya mwisho ni kuzidisha delta kwa tani za mkataba, kisha kulinganisha jibu na kahawa iliyoko ghalani.