Sheria ya Sifuri ya Themodinamiki: Kwa Nini Tunaamini Kipimajoto

Asubuhi ukiingia darasani, shika ubao wa dawati kwa mkono mmoja na mguu wake wa chuma kwa mkono mwingine. Chuma kitaonekana baridi zaidi. Sasa bandika kipimajoto kwenye ubao, kisha kwenye chuma, na usubiri. Utasoma namba moja mara zote mbili, tuseme 24 °C. Mkono unasema vitu hivi vinatofautiana, kipimajoto kinasema viko sawa. Nani mkweli, na tunajuaje?

Mkono hausomi halijoto ya dawati. Mkono una joto kuliko dawati, hivyo unahisi jinsi joto linavyoutoka. Chuma hupitisha joto haraka kuliko mbao, ndiyo maana huonekana baridi zaidi. Kipimajoto hufanya kazi tofauti. Hukaa na kitu mpaka joto liache kuhama kati yao, ndipo unaposoma. Hali hiyo ya joto kutohama tena kati ya vitu viwili vilivyogusana huitwa msawazo wa joto.

Zingatia jambo moja ambalo watahiniwa wengi hulipita. Urefu wa zebaki hukuonyesha hali ya zebaki yenyewe, wala si hali ya ubao au chuma. Tena ubao na chuma hukuvigusanisha kwa ajili ya jaribio hili. Ulichofanya ni kukilinganisha kila kimoja na kitu cha tatu. Ili uweze kusema kwamba viwili hivyo vina halijoto sawa, unahitaji sheria inayokuruhusu kuvuka kutoka kitu cha tatu kwenda kwa vile viwili. Hiyo ndiyo sheria ya sifuri ya themodinamiki:

Ikiwa kitu A kiko katika msawazo wa joto na kitu C, na kitu B pia kiko katika msawazo wa joto na C, basi A na B viko katika msawazo wa joto vyenyewe kwa vyenyewe.

Katika mfano wetu, A ni ubao, B ni chuma, na C ni kipimajoto.

Huenda ukaona kwamba jambo hili liko wazi mno, halihitaji kuitwa sheria. Lakini fikiria sumaku na misumari miwili ya chuma laini ambayo haijawahi kusumakishwa. Sumaku huvuta msumari wa kwanza, na huvuta msumari wa pili. Je, ukiiondoa sumaku mbali, misumari hiyo itavutana? Hapana. Kwa hiyo si kila uhusiano ulio kati ya A na C, na kati ya B na C, huwepo pia kati ya A na B. Kwamba msawazo wa joto una tabia hiyo ni jambo tunalolijua kwa majaribio. James Clerk Maxwell alilieleza katika karne ya 19, lakini jina la sheria ya sifuri lilikuja katika karne ya 20, nalo huhusishwa na Ralph Fowler. Wakati huo sheria ya kwanza na ya pili zilikwishapewa namba. Kwa kuwa hii ndiyo msingi wa zote, ilipewa namba inayotangulia 1.

Sasa tuone jinsi sheria hii inavyozaa skeli. Kwa kuwa vitu vyote vilivyo katika msawazo na kipimajoto kimoja, zebaki ikiwa palepale, viko katika msawazo vyenyewe kwa vyenyewe, tunaweza kuvipa vyote namba moja. Namba hiyo ndiyo halijoto. Sheria haisemi iwe namba gani; hilo tunachagua wenyewe kwa kutumia nukta maalumu mbili. Anders Celsius, mwaka 1742, alichagua 0 iwe ya maji yanayochemka na 100 iwe ya barafu inayoyeyuka. Baadaye namba zikageuzwa, na maji hayakubadilika hata kidogo. Vivyo hivyo, 0 °C, 32 °F na 273 K ni majina matatu ya hali ileile.

Mfano. Kipimajoto cha zebaki kisicho na alama kina uzi wa zebaki wenye urefu wa sm 2.0 katika barafu safi inayoyeyuka, na sm 22.0 katika mvuke wa maji yanayochemka. Kikiwekwa ndani ya maji ya uvuguvugu, uzi una urefu wa sm 9.4. Tafuta halijoto ya maji hayo.

θ = (9.4 − 2.0) ÷ (22.0 − 2.0) × 100
θ = 7.4 ÷ 20.0 × 100
θ = 37 °C

Hapa tumechukulia mambo mawili. Kwanza, mvuke una 100 °C. Hilo ni kweli pale mgandamizo wa hewa ulipo milimita 760 za zebaki. Jijini Nairobi, ambako ni juu sana kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye takriban 95 °C. Ukiandika 100 kwenye alama ya mvuke huko bila kusahihisha, skeli yako yote itakosea. Pili, tumechukulia kwamba zebaki hutanuka kwa kiasi sawa kwa kila nyuzi. Kipimajoto cha spiriti kilichogawanywa hivyohivyo kinaweza kutofautiana nacho kidogo katikati ya nukta hizo mbili. Tofauti hiyo haivunji sheria ya sifuri, kwa sababu inatokana na jinsi tulivyogawanya namba.

Upo mpaka mwingine wa kukumbuka: kipimajoto chenyewe huchukua joto. Tuseme kipimajoto chenye 27 °C kinahitaji juli 2 ili kipande kwa nyuzi 1, nawe unakitumbukiza ndani ya gramu 10 za maji yenye 70 °C. Maji hayo hupoteza juli 42 kwa kila nyuzi inayoshuka. Tukipuuza joto linalopotea nje:

42(70 − T) = 2(T − 27)
44T = 2994
T = 68 °C (takriban)

Kipimajoto hakijadanganya. Maji sasa yana 68 °C kweli, ila si yale 70 °C uliyotaka kuyapima. Kama maji yangekuwa gramu 500, yangeshuka kwa chini ya nusu ya kumi ya nyuzi moja. Ndiyo sababu kichwa cha kipimajoto hufanywa kidogo na chembamba.

Swali la kujipima. Mwanafunzi alitumbukiza kipimajoto ndani ya maji ya moto na kusoma mara moja, zebaki ikiwa bado inapanda. Eleza kosa lake kwa kutumia sheria ya sifuri.

Jibu. Zebaki ilipokuwa ikipanda, joto lilikuwa bado linahama kutoka kwenye maji kwenda kwenye kipimajoto, kwa hiyo msawazo wa joto haukuwa umefikiwa. Sheria ya sifuri huhusu vitu vilivyo katika msawazo tu. Namba aliyoisoma ilikuwa ya zebaki peke yake, nayo ilikuwa chini ya halijoto ya maji. Alipaswa kusubiri mpaka zebaki itulie.