Tangazo la Fundi Bomba Linalotaja Bei

Kwenye kuta na nguzo za Dar es Salaam matangazo ya mafundi bomba yanafanana: jina la kazi, namba ya simu, basi. Bei inakuja kujulikana ukuta umeshabomolewa, maji yamefungwa nyumba nzima, na mwenye nyumba hana tena nguvu ya kukataa. Tangazo zuri linaondoa hali hiyo kabla fundi hajapanda bodaboda kuja kwako. Lingesomeka hivi:

"Kufika na kukagua ni shilingi 15,000, zinakatwa kwenye ufundi ukinipa kazi. Sibomoi kabla hujaona bei kwa maandishi, vifaa mbali na ufundi. Nikikuta jambo jipya, nasimama nakuuliza. Maungio niliyounga mimi nayadhamini siku 90."

Bei hizo ni za mfano, kila mji una zake. Cha kutazama ni kazi inayofanywa na kila sentensi.

Ada ya kukagua inalipia utafutaji, na utafutaji ndio nusu ya ufundi. Tuseme ukuta wa bafu una unyevu na bili ya maji imepanda. Fundi anafunga bomba zote za ndani, kisha anatazama mita: kigurudumu kidogo kikiendelea kuzunguka, maji yanatoka mahali. Uniti moja ni lita 1,000, kwa hiyo mvujo mdogo usiokoma unaonekana kwenye bili. Lakini nyumba nyingi zina simtanki juu. Tanki likijaa, floti inafunga na mita inaweza kusimama ingawa bomba linaloteremka kutoka kwenye tanki linavuja. Fundi makini hufunga valvu ya kuingizia maji kwenye tanki, anaweka alama usawa wa maji ulipo, na kurudi kuangalia baadaye maji yakiwa hayatumiki. Anayeshika nyundo bila kupima hivyo anakisia, na makisio yake unayalipia wewe kwa vigae. Mvujo ukiwa kabla ya mita, hapo ni kazi ya mamlaka ya maji. Fundi mwaminifu atakwambia uwapigie wao.

Sasa bei. Kwa ukuta ule wa bafu, karatasi ingesema: bomba la PPR la milimita 20, elbo mbili, soketi mbili na saruji, 32,000, ufundi 50,000, jumla 82,000. Ulishatoa 15,000, umebakiza 67,000. Kutenganisha vifaa na ufundi kunakupa uwezo wa kuulizia bei ya elbo duka la jirani, na fundi hana sababu ya kuficha faida yake ndani ya saruji. Kama ni lazima utoe malipo ya awali, yasizidi gharama ya vifaa.

Penye ugomvi zaidi ni pale ukuta unapofunguliwa. Ndani panaweza kuwa na bomba la zamani la chuma lililoliwa na kutu kupita pale palipotarajiwa. Hakuna fundi anayeweza kuona hilo kutoka nje, na kumlazimisha ashikilie bei ya mwanzo ni kumwonea. Lakini si haki pia aendelee kimya kisha adai nyongeza mwishoni. Ndiyo maana maneno "nasimama nakuuliza" yana thamani kuliko punguzo lolote. Anapiga picha, anatuma ujumbe: "Mita moja zaidi, nyongeza 18,000, niendelee?" Jibu lako linakuwa sehemu ya mapatano.

Dhamana nayo isomwe kwa makini. PPR huungwa kwa mashine ya kuchomea. Bomba likiwa na maji ndani, au likichomwa kwa muda mfupi mno, ungio linaweza kuonekana zima siku hiyo, likaanza kutoa jasho baada ya wiki kadhaa, na plasta ikachelewa kuonyesha doa. Dhamana ya siku saba kwa kazi iliyofukiwa ukutani haikusaidii. Siku 90 zinakubalika, zikihesabiwa tangu tarehe iliyo kwenye risiti. Haiwezi kuhusu bomba la zamani ambalo fundi hakuligusa, na ukinunua vifaa mwenyewe atadhamini ufundi wake tu. Yote hayo yaandikwe.

Kabla hajaziba ukuta, mwombe afungulie maji kwa presha yote, maungio yafutwe yakauke, na ukuta uachwe wazi hadi kesho yake. Pitisha karatasi kavu ya chooni kwenye kila ungio. Ikilowa, usikubali plasta ipakwe wala usilipe fedha iliyobaki.